Picha ya barua ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu: kabla hamjaanza kunakili

Jamani, ile picha ya ukurasa wa tatu ina giza na imetikisika. Aliye na barua huko Mji wa Kale aipige tena karibu na dirisha, bila flashi, simu akiiegemeza kitabuni, kisha aitume kama faili; ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana na nukta hufifia.

Kwa sasa fanyieni kazi nakala, asili isiguswe. Iwe nyeusi na nyeupe, muinue vivuli kwanza, halafu utofauti kidogo tu. Msiongeze ukali: hutia ukingo mweupe kando ya wino, na doa la karatasi likageuka nukta.

Mstari wa 4 ndio wenye kazi. Nukta mbili za te zikiungana kwa ukungu huonekana moja, yaani nuni. Basi lile neno ni "kutia" au "kunia"? Linganisheni na te iliyo wazi kwingineko ukurasani. Kama bado hamna hakika, andikeni [kutia? / kunia?]. Pasiposomeka, wekeni [...] na idadi ya maneno mnayokisia. Maana ya sentensi isiwasukume kufuta alama ya kuuliza.