Vito vya mama, kikao Jumamosi
Habari zenu ndugu zangu, tunakutana Jumamosi saa 10 jioni kwa dada mkubwa. Sonara ameshapima uzito na karati za kila kipande, tutatumia bei ambayo kingeuzika leo, sio ya kununua kipya dukani, maana hiyo iko juu na anayechukua ndo anaumia.

1. Kila mtu ataje kipande kimoja cha moyoni na sababu, mkigongana tunaongea kwanza. Thamani yake inahesabika kwenye fungu lako.

2. Vilivyobaki tunapiga kura ya zamu halafu tunachagua 1, 2, 3, kisha 3, 2, 1, ili wa mwisho asionewe.

3. Aliyezidi anawafidia wenzake kwa hela.

Naomba mthibitishe hapa kabla ya Alhamisi usiku, na kipande chako ukitaje.