Fangasi inayorudi kila hedhi ikikaribia: nimpe dawa gani mteja anayetafuta ujauzito?

Daktari, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wanawake, na naomba ushauri kuhusu mteja wa miaka 29 ambaye mzunguko wake ni siku 28, hauyumbi. Kila mwezi, kuanzia siku ya 22, anawashwa sana ukeni, mkojo unamchoma ukigusa ngozi, na anatoka ute mweupe mzito kama maziwa mgando, usio na harufu. Ikifika siku ya 2 ya hedhi, kimya. Huu ni mwezi wa sita. Sukari yake kabla ya kula ni 5.1, VVU hana, na hajatumia antibayotiki.

Kila siku ya 24 hununua kidonge kimoja cha klotrimazoli cha kuingiza ukeni, miligramu 500. Siku tano baadaye hedhi inaanza, naye anasema dawa imemponya. Mimi naona tunaisifia dawa kwa kazi ya hedhi. Yai likishapevuka, estrojeni hupanda tena pamoja na projesteroni, na estrojeni hujaza glaikojeni kwenye seli za ukuta wa uke, chakula kizuri kwa kandida. Hedhi ikianza homoni zote mbili zimeshashuka, na damu inapunguza asidi ya uke.

Kinachonitatiza ni kwamba glaikojeni hiyo hiyo huwalisha pia bakteria wazuri wa uke. Wakizidi, asidi yao huchubua seli, na mwanamke huwashwa na kutoka ute mweupe siku zile zile, akapata nafuu kwa hedhi ile ile. Karatasi ya pH haisaidii, maana hali zote mbili husoma chini ya 4.5, yake ilisoma 4.0. Kipimo cha hadubini alifanyiwa mara moja tu, siku ya 9 akiwa hana dalili, na fangasi haikuonekana. Ajabu ingekuwa kuonekana! Nimemwambia arudi siku ya 23 kabla hajaweka dawa yoyote, tuangalie ute kwa tone la KOH asilimia 10, na mwingine uoteshwe maabara kujua aina, kwa sababu Kandida glabrata huwa sugu kwa flukonazoli.

Ikithibitika ni kandida, mpango ninaoujua ni flukonazoli miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha moja kila wiki kwa miezi sita. Lakini anatafuta ujauzito, na wiki ile ya kuwashwa ndiyo mimba inaweza kuwa imeshatunga bila yeye kujua. Je, nimpe klotrimazoli ya miligramu 500 kila wiki kwa miezi sita hiyo, au dozi moja ya kuwahi siku ya 19 au 20 ya kila mzunguko ingetosha? Na kama fangasi haitaonekana hata siku ya 23, nisimamishe kabisa dawa za fangasi?