Macho yasisubiri: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mpango wa Kifua Kikuu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Nawahudumia wagonjwa wa kifua kikuu, nami nakuandikia kuhusu malalamiko mawili tunayoyajibu kwa neno moja, "vumilia". Viungo kuuma, sawa, mara nyingi huvumilika. Macho hayavumiliki hata siku moja.

Chukua mgonjwa wa kilo 60. Kila siku anameza vidonge vinne vya mchanganyiko, na kila kimoja kina rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi miligramu 400 na ethambutoli miligramu 275. Mwezi wa pili anakuja analalamika: magoti na vidole vinauma, na siku hizi nguo nyekundu anaiona kama imepauka.

Magoti ni kazi ya pirazinamidi, inayozuia figo kutoa asidi ya yuriki. Apewe dawa ya maumivu na aendelee na dozi. Asidi kupanda kwenye kipimo peke yake si sababu ya kuikatiza. Ila kiungo kikivimba, kikawa chekundu na cha moto, hilo ni jongo, na hapo daktari aamue kama pirazinamidi isimame. Ikiondolewa mapema, matibabu ya miezi sita kwa kawaida husogea hadi tisa, kwa hiyo haiachwi kwa pupa.

Wekundu uliopauka ni jambo jingine kabisa. Ethambutoli huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na rangi nyekundu na kijani mara nyingi ndizo hutangulia kupotea, wakati mwingine mgonjwa bado anasoma chati ya herufi vizuri tu. Ikisimamishwa siku hiyohiyo, wengi hupona taratibu, kwa wiki au miezi. Ikiendelea, upofu unaweza kubaki. Mwenye figo dhaifu yumo hatarini zaidi, maana dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo.

Tatizo letu liko hapa: utaiondoaje ethambutoli iliyoshindiliwa ndani ya kidonge kimoja na nyingine tatu? Kama vimelea havina usugu, mgonjwa wetu angehitaji vidonge vinne vya rifampisini na isoniazidi, na pirazinamidi pekee miligramu 1,600. Kituo kisipokuwa navyo, mhudumu hubaki na njia mbili mbaya: kumwachisha dawa zote, au kumwambia avumilie.

Naomba kila kituo kiwe na akiba ya vidonge hivyo, pamoja na chati ya herufi na kitabu cha kupima rangi. Macho yapimwe kabla ya kidonge cha kwanza, kisha kila mwezi, jicho moja moja huku jingine limefunikwa. Akitumia yote mawili, jicho zima humficha mwenzake mgonjwa. (Watoto wadogo wasioweza kueleza wanachokiona wanahitaji uangalizi wa pekee.)

Na kwenye kadi ya mgonjwa liandikwe wazi: ukiona ukungu au rangi zikibadilika, usimeze dozi inayofuata, njoo kituoni leo. Vivyo hivyo macho yakiwa ya manjano au ukitapika mfululizo, kwani hapo ni ini, na dawa zote husimama hadi upimwe.

Wako,
Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu