Chifu, watoto wa mzee ni wangapi?

Kwa Mheshimiwa Chifu wa lokesheni yetu,

Natumai u mzima. Tangu mwezi wa Februari nimefika ofisini kwako mara nne. Mara tatu niliambiwa umeenda barazani. Mara ya nne nilikuona kwa dirisha, na bado nikaambiwa umeenda barazani.

Nisingekuandikia hadharani, lakini Jumamosi iliyopita wapima ardhi waliingia shambani kwa marehemu baba wakapigilia bikoni ya kwanza hatua chache kutoka kaburi la mama. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akiwashikia kamba. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu mbele ya watu: "Nenda kamuulize chifu watoto wa mzee ni wangapi."

Basi nakuuliza.

Kwenye faili ya mahakama, ambayo nililipia ili niisome, kuna barua yenye mhuri wako. Inasema baba alifariki bila wosia na ameacha watoto wanne. Wote wanne ni wavulana. Kaka akainakili barua hiyo neno kwa neno kwenye hati yake ya kiapo, ile fomu P&A 5, tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 zikapita, hakuna aliyepinga. Angepinga nani? Tangu lini gazeti hilo likasomwa kule kwetu? Akapewa barua za usimamizi, zikathibitishwa, na shamba likaandikwa jina lake.

Nina kijitabu cha mazishi ya baba. Ukurasa wa pili una majina ya watoto saba, wasichana watatu wakiwemo. Ulisimama kando ya jeneza na kijitabu hicho mkononi, ukatoa rambirambi za serikali, ukatutaja mmoja mmoja. Unakumbuka ulivyokosea jina la dada yangu mdogo tukacheka katikati ya msiba? Miezi mitano baadaye hukutujua.

Sijui ni nini kilitokea. Wengine wanasema kulikuwa na mbuzi. Mimi nadhani ni yale mazoea tu, kwamba msichana akishaolewa amekwenda na ng'ombe wake. Lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haiulizi kama mtoto ameolewa. Inataka kila anayeomba usimamizi awataje watoto wote wa marehemu, na mzee asipoacha mjane, watoto wanagawana sawasawa.

Usiogope kwamba nataka ukiri ulisema uongo. Kifungu cha 76 kinaruhusu mahakama ifute barua za usimamizi hata kama zimeshathibitishwa. Sababu moja ni ulaghai: kusema uongo au kuificha mahakama jambo la maana. Sababu nyingine ni kwamba zilipatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli, hata kama aliyeyatoa hakujua. Kwa hiyo kama ulikosea kwa bahati mbaya, sema ulikosea. Kosa lako linanitosha. Kaka ndiye mwenye kazi ya kueleza, maana hawezi kusema hakujua ana dada.

Ombi la kufuta tayari liko mahakamani. Na kaka amejibu nini? Kwamba yeye alifuata barua ya chifu. Kiapo chake chote cha kurasa sita kimeegemea mistari yako michache.

Anawaambia watu tunataka kumfukuza. Si kweli. Barua za usimamizi zikifutwa, shamba haliji kwetu. Linarudi jina la baba, msimamizi anateuliwa upya sote saba tukijua, halafu ugavi unafanywa. Yeye atapata fungu lake kama sisi.

Kinachoninyima usingizi ni zile bikoni. Amekubaliana na mtu kuuza ekari mbili. Kifungu cha 93 kinamlinda aliyenunua kutoka kwa msimamizi hata kama usimamizi utafutwa baadaye, na ingawa kumekuwa na majaji waliokataa kumlinda anayenunua kilichopatikana kwa ulaghai, hiyo ni kesi nyingine, miaka mingine, na pesa za wakili ambazo sina. Nimeshauza ng'ombe wangu wa maziwa kufika hapa. Jumatatu tuliomba zuio la haraka lisajiliwe kwenye ardhi ile, tunangoja.

Mheshimiwa, uliahidi mbele ya wazee wawili kwamba "utarekebisha hiyo kitu wiki ijayo". Wiki hiyo ilikuwa ya mwezi wa Machi.

Andika barua ya pili. Karatasi moja, mhuri uleule, iende kwa msajili wa mahakama: kwamba barua ya kwanza iliacha watoto watatu, na majina yao ni haya. Kama huna majina, nakuambatishia kijitabu cha mazishi. Ukurasa wa pili.

Kesi inasikizwa tarehe 14. Andika barua hiyo kabla ya tarehe 14, tafadhali.

Wako,
Mtoto wa tano wa marehemu