Barua kwa vijana wa mauzo: demo imepita, bosi hakuwepo

Assalaam aleikum wanangu,

Nawaandikia nyie mnaozunguka mahotelini na hita za maji za sola. Kijana mmoja kanihadithia alivofanya demo hoteli moja Paje, vyumba 20, wakakaa meneja, fundi na mhasibu, mwenye hoteli kakwama mjini hakuja. Meneja kamwambia "tumeipenda, ntamfikishia bosi", na yeye kafurahi, kaenda zake kungoja simu.

Jamani, hiyo "ntamfikishia" ndo panapoharibika. Meneja hajui kuiuza hita yako, bosi akimuuliza ni kitu gani atajibu mawili matatu kisha ataitaja bei, na bei ikitangulia peke yake hakuna mazungumzo tena.

Kwa hivo kabla hujatoka pale muulize meneja, bosi akiletewa kitu kipya huuliza nini mwanzo? Halafu jioni ile ile umtumie ukurasa mmoja, si broshua nzima, na uuandike kama unasema na bosi mwenyewe ili meneja asihangaike, afowadi tu.

Na ndani yake weka hesabu ya hoteli yao. Fundi alishasema kila chumba kina hita ya umeme ya lita 100, basi kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 25 hadi 55 kunakula kama uniti 3 na nusu, vyumba vyote 20 ni uniti 70 kwa siku hoteli ikijaa na wageni wakiyamaliza. Bei ya uniti muachie mhasibu aijaze kutoka bili yao ya ZECO, maana bosi atamuamini mhasibu wake kuliko wewe mgeni. Na usimdanganye kwamba zote zitaokoka, siku za mawingu umeme utasaidia. Mwambie pia kazi ifanyike Aprili au Mei, masika, vyumba viko vitupu.

Mwisho wa ukurasa omba dakika 20 na bosi, huko huko mjini aliko, lakini pitia kwa meneja. Ukimruka akajua, siku ya kuamua atakumbuka kila kasoro ya hita yako, tena kwa sauti (watu wetu nawajua mie).

Zikipita siku mbili usiulize "vipi, kaamua?", uliza "bosi kauliza nini?" Ukijibiwa "kasema sawa tu", jua uwezekano mkubwa hajaonyeshwa. Aliyeusoma kweli huja na swali, na Paje swali litakuwa visima, maji yana chumvi, tangi litaoza lini? Hapo ndo umpeleke fundi wao mkakae na bosi pamoja, na ile fimbo ya magnesiamu inayokaa ndani ya tangi ikaliwa na kutu badala ya chuma uwe nayo mkononi, na bei ya kuibadilisha uwe unaijua.