Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa: kabla jedwali la rangi halijafika shuleni

Ndugu Afisa Michezo,

YAH: MASWALI KUHUSU MADA YA MZIGO WA MAZOEZI NA MAJERAHA KWA WANAMICHEZO WA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari ya kata, na nilikuwa mstari wa nyuma kwenye semina ile ambayo projekta ilizima mara mbili, maswali yakasogezwa hadi "baada ya chai", na chai ikawa ndiyo mwisho. Ndiyo maana nayaleta hapa. Ulisema jedwali lile la kuonyesha kwa rangi nani yuko hatarini kuumia litatumwa shule zote kabla ya kambi ya UMISSETA, na mtoto atakayesoma nyekundu asichezeshwe. Hapo ndipo ninapokwama.

Kwa wenzangu ambao hawakuwepo, hesabu yenyewe ni nyepesi. Baada ya mazoezi unamuuliza mchezaji yalikuwa magumu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10, kisha unazidisha jibu lake kwa dakika alizofanya. Dakika 60 kwa ugumu wa 4 ni mzigo wa 240. Unajumlisha wiki nzima, halafu jumla ya wiki hii unaigawa kwa wastani wa wiki nne. Jibu likiwa kati ya 0.8 na 1.3 ni kijani, likizidi 1.5 ni nyekundu. Kwenye faili tulilogawiwa imeandikwa hivi, E5 ikiwa wiki hii na B5 hadi D5 wiki tatu zilizopita:

```
=E5/AVERAGE(B5:E5)
```

Swali langu la kwanza limo humo humo ndani ya fomula. Wiki hii ipo juu ya mstari, na chini ya mstari ipo tena. Chukua mtoto aliyelala na malaria, wiki tatu hajagusa mpira, safu zake ni sifuri tupu. Anarudi, nampa nusu saa ya kukimbia taratibu kwa ugumu wa 2, yaani 60. Wastani wa wiki nne ni 15, na 60 kwa 15 ni 4. Nyekundu iliyokolea. Sasa tuseme nina wazimu na nimempa mzigo wa 3000 wiki hiyo hiyo. Wastani unakuwa 750, na jibu ni 4 vilevile. Jedwali halioni tofauti kati ya mwalimu mwenye huruma na mwalimu muuaji.

Mlinganishe na mchezaji wetu wa kambi. Akiwa shuleni anafanya mazoezi matatu kwa wiki, dakika 60 kila moja kwa ugumu wa 4, na Jumamosi anacheza mechi ya dakika 70 kwa ugumu wa 7. Jumla ni 1210. Akifika kambini anapigishwa tizi mara mbili kwa siku, siku sita: asubuhi dakika 60 kwa ugumu wa 5, jioni dakika 90 kwa ugumu wa 6. Hiyo ni 5040. Mzigo wake umeongezeka mara nne na zaidi kwa wiki moja, lakini jedwali linampa 2.3, chini kabisa ya yule wa malaria aliyekimbia nusu saa. Kosa hili la hesabu watafiti wameshaliandika kwa miaka kadhaa sasa. Je, mtoa mada alikuwa nalo akaliruka kwa sababu ya muda, au hakuwa nalo?

Swali la pili ni mipaka yenyewe, 1.3 na 1.5, imetoka kwa nani. Iliyoisambaza zaidi ni makala ya Tim Gabbett wa Australia ya mwaka 2016, na data nyingi nyuma yake ni za watu wazima wanaolipwa kucheza: raga, kriketi, mpira wa Kiaustralia. Sina ugomvi na kazi yake, na wazo kwamba kupandisha mzigo ghafla kunaumiza hata bibi yangu angelikubali. Ila Norwe walilijaribu jedwali la aina hii kwa vijana wa soka wa kike na wa kiume, wachezaji 482, timu nyingine zikipanga mazoezi kwa uwiano huo na nyingine zikiendelea kama kawaida. Baada ya miezi kumi hawakuona tofauti ya maana katika matatizo ya kiafya kati ya makundi hayo mawili. Kwenye slaidi zetu sikuuona utafiti huo, na ndio pekee ninaoujua uliolijaribu jambo hili kwa namna hiyo kwa umri unaokaribiana na wa watoto wetu.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Nina kijana wa kidato cha pili, winga wa kushoto. Wiki zake nne zilikuwa 1150, 1200, 1210 na 1340. Gawanya mwenyewe utapata 1.09, kijani kibichi. Siku hiyo alikuwa anashuka ngazi za darasa kwa mguu mmoja mmoja. Nilimkalisha kwenye benchi, nikabonyeza kwa kidole gumba kile kinundu cha mfupa chini kidogo ya goti, akauvuta mguu kama ameguswa na kaa la moto. Kisha nikaona suruali ya shule aliyoshonewa Januari imepanda juu ya kifundo.

Yule hakuzidishiwa mazoezi. Alirefuka. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, na katika miezi hiyo kano ya paja inavuta sehemu ya mfupa ambayo bado ni gegedu. Mzigo ule ule wa mwezi uliopita unakutana na mguu mwingine. Kisigino nacho huumia kwa mtindo huo huo. Jedwali lina safu ya kimo? Halina. Lina safu ya chandimu ya jioni, au ya kilomita anazotembea kuja shule? Halina pia.

Halafu kuna hili, ambalo semina haikuligusa: majibu yenyewe. Nilijaribu kuwauliza ugumu baada ya mazoezi ya wiki ya uteuzi, nikiwa na orodha ya majina mkononi. Wote walisema "tatu, mwalimu". Mmoja alikuwa anatapika nyuma ya choo.

Ninachoomba si kwamba jedwali litupwe. Litume kama daftari la kumbukumbu, na agizo la nyekundu liondolewe, maana litamfungia nje anayerudi kutoka kuumwa na kumpitisha winga wangu. Ongeza safu mbili: kimo kila baada ya miezi mitatu, na maumivu ya goti au kisigino, ndiyo au hapana, akiulizwa na mtu ambaye si mteuzi wa timu.

Na ratiba ya kambi itufikie wiki nne kabla, si siku tano kama mwaka jana. Nikijua tarehe naweza kuipandisha 1210 hadi 1500, 1900, kisha 2400 hapa hapa shuleni. Hiyo 5040 ya kambini, siku sita mfululizo mara mbili kwa siku, imepangwa na ofisi, na mwalimu wa shule hana kalamu ya kuipunguza. Je, jedwali likisoma nyekundu kwa kambi nzima, nani atawapumzisha?

Naomba majibu kwa maandishi, tuyabandike kwenye ubao wa walimu.

Wako katika michezo,
Mwalimu wa michezo, sekondari ya kata