Risala ya kufungua upya duka la unga na mashine ya kusaga, Komini ya Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Burugumesta, mgeni wetu wa heshima. Wazee wa mtaa. Viongozi wa dini. Mama zetu wa malewa. Wateja wetu wapendwa wa Katuba, Kenya na Kamalondo, na ninyi mliotoka mbali Ruashi na Kampemba. Jamaa na marafiki: hamjambo na karibuni sana.

Mheshimiwa, umeacha kazi nyingi ili uje kusimama nasi mbele ya mlango huu. Tunakushukuru. Mimi mwenye duka, pamoja na vijana wanaofanya kazi hapa, tumeona vema tukueleze kwa kirefu kidogo kilichobadilika ndani, maana kwa nje mtu ataona rangi mpya na bati jipya tu.

Nianze na wateja. Duka lilipofungwa kwa ujenzi, wengi wenu mngeweza kuhama moja kwa moja, kwani mashine za kusaga mjini hazikosekani. Lakini mliendelea kuleta ndoo na magunia yenu kwenye kibanda cha muda tulichojenga kando ya barabara, mkapanga foleni juani, na mvua ilipoanza mkatusaidia kushika turubai ili unga usilowe. Mama mmoja wa malewa alituwekea mzani wetu nyumbani kwake muda wote wa ujenzi, akaufunika kwa kitenge chake usiingie vumbi. Wasukumaji wa pusupusu nao walituhamishia magunia asubuhi na kuyarudisha jioni, na mara nyingine walikubali kulipwa baadaye. Mama zangu, ndugu zangu, hayo hatutayasahau. Aksanti sana.

Sasa nieleze tulichojenga, na sababu yake. Kila mwenye mashine ya kusaga anajua ugomvi mmoja usiokwisha: mteja analeta gunia la kilo 50, anaondoka na unga pungufu, na moyoni anasema ameibiwa. Huenda kweli kuna anayeiba, sikatai. Ila mara nyingi kilo zilizopotea zilikuwa maji. Hii ndiyo habari ninayotaka kila mteja aondoke nayo leo, kwa sababu fedha zote za ujenzi tumeziweka hapo.

Mahindi yetu hukomaa kuanzia Aprili, mvua zinapokatika. Yakikaa shambani na kuanikwa vizuri katika miezi ya kiangazi, yanafika Agosti yakiwa makavu. Lakini yale yanayoletwa sokoni mapema, au yaliyolala kwenye sakafu yenye unyevu kuanzia Novemba, yanakuwa na maji mengi ndani ingawa kwa macho yanang'aa. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasiwe na zaidi ya sehemu 13 za maji katika kila sehemu 100 za uzito. Yakifika 17, mashine inayasaga kwa shida, chekecheo linaziba, unga unatoka moto na baada ya siku chache unaganda mabonge na kunuka uchachu.

Tuchukue gunia moja la kilo 50 lenye unyevu wa 17 kwa 100. Ndani yake kuna kilo 8 na nusu za maji, na kilo 41 na nusu tu za mahindi hasa. Ukilikausha mpaka 13, mzani utaonyesha kilo 47 na gramu 700. Zaidi ya kilo 2 zimekwenda na jua, hakuna mkono uliozigusa. Toa mawe, vipande vya gunzi na punje zilizooza, tuseme gramu 700, unabaki na kilo 47. Mteja akitaka unga mweupe wa kukoboa, karibu sehemu moja ya tano inatoka kama pumba: atapata kama kilo 37 na nusu za unga, kilo 9 hivi za pumba, na nusu kilo hivi itakuwa imeruka vumbi na kubaki ndani ya mashine. Akitaka unga mzima bila kukoboa, atarudi nyumbani na kilo 46 au zaidi. Gunia ni lile lile. Asiyeelezwa hesabu hii ana haki ya kukasirika.

Kwa hiyo huduma ya kwanza mpya ni hii: kila gunia litapimwa mbele ya mwenyewe mara tatu, linapoingia, likishachambuliwa, na unga unapotoka. Mzani umewekwa pale mlangoni, uso wake umeelekea kwenu. Namba zote tatu zitaandikwa kwenye karatasi yenye jina la mteja, na pumba ni zake. Akitaka kutuuzia, tutanunua, asipotaka atazibeba kwa ajili ya kuku wake.

Huduma ya pili ni kupima unyevu, na hiyo ni bure, hata kwa mtu ambaye atakwenda kusaga kwingine. Tumenunua kipimo cha umeme: unajaza punje kwenye kikombe chake, baada ya muda mfupi namba inatokea. Kina udhaifu wake. Mahindi yakitoka moja kwa moja juani yakiwa na joto, kinaweza kudanganya. Ndiyo maana tutawaomba msubiri yapoe kivulini kwanza. Na kwa mama ambaye anasimama sokoni mbele ya gunia asijue kama alinunue, ipo njia ya chumvi. Chukua chupa kavu kabisa, jaza mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi 15 kwa 100, hayo hayafai kuwekwa ghala. Chumvi ikianguka yote chini, angalau yako chini ya hapo. Hata meno yanasaidia: punje kavu inapasuka kwa mlio, yenye maji inabonyea.

Mahindi yatakayokutwa na maji mengi hatutayarudisha tu mlangoni. Nyuma ya duka, palipokuwa na udongo mtupu, tumemwaga saruji yenye mteremko ili maji ya mvua yasikae. Mteja ataanika pale juu ya turubai safi. Tafadhali yatandazwe membamba, unene usizidi vidole viwili, na yageuzwe mara kwa mara. Yakirundikwa, ya juu yanakauka na ya chini yanachemka. Vijana wetu watayafunika wingu likitanda. Tunasema wazi lakini: katika wiki za mvua nzito, Januari na Februari, uwanja huu hautaweza kuwatosha wote, na yatakayozidi 18 kwa 100 hatutayasaga mpaka yapungue.

Jambo moja halitakuwa na mjadala, hata kwa mteja wa tangu zamani. Mahindi yenye ukungu hayataingia kwenye mashine hii. Ukungu wa kijani-manjano unaoota kwenye mahindi yaliyolala na maji unatoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo inashambulia ini. Kupika bukari hakuiondoi, hata sufuria ichemke namna gani. Mwaka 2004, katika nchi ya Kenya, nasema nchi na si komini yetu jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Sehemu kubwa yalikuwa mahindi ya mavuno yao wenyewe, waliyoyaweka ndani yangali na maji. Tumeweka meza ndefu ya kuchambulia chini ya dirisha, penye mwanga wa kutosha. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa zitolewe hapo. Wala msiwape kuku. Wao pia wanadhurika.

Kuhusu mashine yenyewe sitasema mengi. Nyundo na machekecheo ni mapya, mdomo wa kuingizia umefungwa sumaku ya kushika misumari na vipande vya chuma, na umeme ukikatika tuna mota ya mazuti. Unga ukitoka utalala kwanza kwenye meza ya vigae upoe. Ninajua mna haraka, hasa mama wa malewa ambao sufuria iko tayari motoni. Vumilieni kidogo: unga wa moto ukifungwa kwenye mfuko unatoa jasho ndani, na huko ndiko uchachu unakoanzia. Anayependa bukari ya mahindi na muhogo atachanganyiwa kwa kipimo anachotaka, kila kimoja kikiwa kimesagwa peke yake.

Tutakuwa pia na mifuko ya tabaka tatu kwa wanaonunua mahindi mengi wakati bei iko chini, ili wasisumbuliwe na dumuzi. Mfuko huo hauhitaji dawa. Ukifungwa barabara, wadudu wanakosa hewa na kufa. Ila unahifadhi kile ulichoweka: ukitia mahindi mabichi, utafungua uozo. Kwa hiyo hatutamuuzia mtu kabla ya kupima mahindi yake. Malipo yanapokelewa kwa franka mkononi au kwa simu, na bei ya kusaga inabaki ile ile ya kabla ya ujenzi.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, tuna maombi mawili. La kwanza ni mtaro wa barabara hii. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka juu na kuingia kwenye vizingiti vya nyumba na maduka. Sisi tumeinua sakafu yetu na kuweka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, lakini jirani zetu wanaouza mahindi na maharage hawana uwezo huo. Wakazi wako tayari kuchimba wenyewe. Tunaomba komini itoe fundi wa kupima mteremko, na gari la kubeba udongo.

La pili ni mizani. Tunaomba, kupitia ofisi yako, wakaguzi wa OCC, ofisi ya taifa ya ukaguzi, waje kupima mzani wetu, na wapite pia kwa wenye mashine wengine na kwenye soko ambako mahindi yanauzwa kwa makopo yaliyobonyezwa kitako. Mzani wetu uwe wa kwanza kukaguliwa. Ukikutwa na kasoro, utolewe pale mlangoni mbele ya wateja.

Sasa tunakuomba, Mheshimiwa, ukate utepe, kisha upite upande wa kushoto kwenye meza ya kuchambulia. Gunia lililo pale limeletwa leo asubuhi na yule mama aliyetutunzia mzani. Litapimwa, litasagwa mbele yenu bila malipo, na karatasi yake itabandikwa ukutani ili kila mtu aone namba zinavyoandikwa. Wengine wenye ndoo, foleni inaanzia mlango wa pili.

Aksanti kwa kutusikiliza. Karibuni ndani.